Wiki ya Thelathini na Mbili

Mwaka wa tisini na sita nilikuwa nauza matairi mjini Nyeri, katika duka lililoko kwenye mteremko wa kuelekea soko. Tulikuwa watatu: mwenye duka, aliyekuwa mzee mwenye haraka ya kusema na upole wa kusamehe; fundi wa kufunga matairi, aliyekuwa Mwislamu mzaliwa wa papo hapo mjini; na mimi. Wateja wengi walinipita wakamwendea fundi, kwa kuwa hawakuamini mwanamke anaweza kujua lolote kuhusu gari. Fundi alikuwa akiwarudisha kwangu. "Muulizeni huyo," alikuwa akisema. "Yeye ndiye anayesoma."

Kusoma huko alinifundisha yeye mwenyewe, miezi yangu ya kwanza, tukiwa tumechuchumaa stoo na kitambaa chenye maji ya sabuni. Ubavuni mwa tairi, baada ya maandishi ya ukubwa, huwa kuna nambari na herufi. Nambari ni ya uzito ambao tairi moja linaweza kubeba, lakini si kilo zenyewe. Inabidi utazame kwenye jedwali. Themanini na nane ni kilo mia tano sitini. Mia moja na mbili ni kilo mia nane hamsini. Herufi ni ya mwendo: Q ni kilomita mia moja sitini kwa saa, S mia moja themanini, H mia mbili na kumi. Halafu pembeni, ndani ya fremu ndogo, upande mmoja tu wa tairi, kuna tarakimu tatu. Mbili za kwanza ni wiki, ya mwisho ni mwaka.

"Mwaka kwa tarakimu moja?" nilimuuliza.

"Moja tu. Wenye viwanda hawakufikiri kuna mtu atakaa na tairi miaka kumi."

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu aliingia mama aliyestaafu unesi, anayeishi Kianyaga. Alikuwa na pikapu ya kubebea kahawa mpaka kiwandani, na siku nyingine magunia ya viazi. Alikuwa amepita duka lingine wakamwonyesha matairi ya gari dogo yaliyoingia kwenye rimu yake vizuri kabisa.

"Haya niliyoonyeshwa yako na H," akaniambia. "Wamesema H ni kubwa kuliko Q. Wewe mbona unanipatia Q?"

"H ni kubwa kwa mbio, mama. Huko kwenu kuna mahali utakimbia mia mbili?"

Akacheka. "Na ile barabara ya udongo? Hata hamsini siwezi."

Nikamwonyesha jedwali lililobandikwa ukutani. Yale ya H yalikuwa themanini na nane. Mawili ya nyuma yangebeba kilo elfu moja mia moja na ishirini kwa pamoja, na pikapu yake ikijaa, uzito wa ekseli ya nyuma peke yake unapita hapo. Yetu, ya gari la mizigo, yalikuwa mia moja na mbili: elfu moja mia saba kwa mawili. Alisoma jedwali mwenyewe kwa kidole, kama anayesoma kadi ya mgonjwa, akasema, "Basi nipe haya."

Matairi hayo yalikuwa ya shehena mpya. Mwenye duka alikuwa ameyanunua kwa mfanyabiashara mmoja wa Sagana, yamezungushiwa karatasi, meusi yanang'aa. Nilivua karatasi nikampa mama asome tarehe, kwa sababu nilipenda wateja wajionee. Akainama.

"Tatu, mbili, sita," akasema. "Wiki ya thelathini na mbili, mwaka wa sita. Ni ya mwaka huu?"

"Ya mwaka huu," nikajibu, kama nilivyokuwa nimemjibu mteja mwingine.

Manesi huhesabu wiki. Ndiyo kazi yao. "Wiki ya thelathini na mbili ni mwezi gani?"

Nikahesabu kwa vidole. Ilikuwa mwezi wa nane. Sisi tulikuwa mwezi wa tatu.

Nikamwita fundi. Aliosha tairi, akalikunja kwa goti, na chini kabisa ya mitaro ya tairi nikaona nyufa nyembamba kama nywele. "Kampuni nyingine huweka alama ya pembetatu kwa miaka hii ya tisini," akasema taratibu. "Hapa hakuna. Hiyo sita ni ya themanini na sita."

Mwenye duka alitoka ofisini. "Ati miaka kumi? Na yule mtu aliniambia zimetoka kiwandani juzi!" Alisoma tairi moja, la pili, la tatu. Kisha akaketi juu ya rundo la matairi na kufunika uso kwa kofia yake. Nilingoja anilaumu. Alichouliza ni kimoja tu: "Zimeuzwa ngapi?"

"Nne. Kwa mwalimu mkuu wa Kiganjo. Juma lililopita. Mimi ndiye nilimwambia ni za mwaka huu."

Mama wa Kianyaga alikubali kungoja shehena nyingine. Alipokuwa akitoka alinishika bega. "Nenda wewe mwenyewe," akasema. "Usitume mtu."

Tulienda adhuhuri hiyo, fundi na mimi, tukiwa na matairi manne kutoka shehena ya awali, ambayo nilikuwa nimesoma kila moja mara mbili. Njia nzima nilitazama pikapu zilizotupita, nikitafuta ile ya kijani ya mwalimu. Tuliikuta nyumbani kwake, imepakiwa mbao za kujengea darasa, tayari kwa safari ya Nanyuki.

Nilimweleza nikiwa nimesimama. Alisikiliza mikono ikiwa nyuma, kama anayesikiliza mwanafunzi.

"Nilikuuliza," akasema. "Ukanijibu bila kusita."

"Ndiyo, mwalimu. Nilisoma mwaka, sikufikiria wiki. Nilikosea."

"Nimebeba watoto wa shule kwa hizo tairi. Juzi, kwenda michezo."

Fundi hakunisaidia kujibu, na nadhani alifanya vyema.

Tarehe zilikuwa zimeelekea ndani, kwa hiyo hakuweza kuziona mpaka fundi alipopandisha gari kwa jeki na kutoa gurudumu moja baada ya jingine. Mwalimu alipiga magoti kwenye vumbi na suti yake, akasoma zote nne. La nyuma kushoto lilikuwa limevimba ubavuni, uvimbe wa ukubwa wa yai. Aliugusa, akaondoa mkono. Akamwita mke wake aje aone. Mbao zilishushwa zote, tukafunga mengine.

Hakunishukuru, wala sikutarajia. Alisema tu, tulipokuwa tukiondoka, "Umefanya vizuri kuja kabla ya saa nane." Saa nane ndiyo angekuwa anateremka Naro Moru akiwa na mzigo.

Mfanyabiashara wa Sagana alikataa kuchukua matairi yake. Mwenye duka aliyakata yote ubavuni kwa msumeno, moja baada ya jingine, uani, wateja wakitazama, ili yasije yakarudi dukani kwa mtu mwingine. Ilimchukua siku mbili. Kuanzia hapo hakuna tairi lililoingia stoo kabla sijalisoma, na wauzaji wa jumla walizoea kunikuta mlangoni na kitambaa changu.

Mwalimu hakurudi dukani kwetu. Mke wake alirudi, mwaka uliofuata, akiwa na gari lake dogo. Alipita mbele ya fundi, akaja moja kwa moja kwangu.