Mstari wa Saba wa Samaki wa Mama Mkwe

Hoteli niliyofanyia kazi, kando ya ziwa, ilipoanza kupata wageni wengi kutoka Burundi na Kongo, meneja aliamua kwamba sisi wa mapokezi tujifunze Kifaransa. Hakuuliza nani anataka. Kila Jumanne na Alhamisi saa kumi, zamu ikiisha, tuliketi watano katika ukumbi mdogo wa mikutano mbele ya mwalimu kutoka Bukavu, mwanamke mfupi asiyecheka ovyo, tukarudia salamu mpaka ulimi ukafa ganzi.

Nilikuwa na miaka thelathini na minane. Sikuwa mwanafunzi mbaya, ila nilikuwa mwanafunzi mwenye hasira, kwa sababu kila nilichokisema kilikuwa na kosa. Kwa hiyo siku mwalimu alipotupa kazi ya kuandika mapishi ya chakula cha nyumbani kwetu, nilifurahi. Nikasema moyoni, hapa hanipati. Samaki nimempika tangu nikiwa na miaka tisa.

Alitueleza jinsi ya kuandika. Kwanza orodha ya vitu: samaki mmoja, vitunguu viwili, nyanya nne. Halafu hatua, kila hatua mstari wake, na kila mstari uanze na amri. Alisema Wafaransa wenyewe wakati mwingine huacha kitenzi bila kumwamrisha mtu, lakini yeye alitaka amri, maana ndizo tulizokuwa tunajifunza. Vous, yaani nyinyi, inaondolewa. Kinabaki kitenzi peke yake. Lavez, osheni. Coupez, kateni. Hiyohiyo unamwambia mtu mmoja unayemheshimu. Nikafikiri kwamba mama mkwe wangu angekiweza Kifaransa haraka sana, kwa kuwa tangu niolewe alikuwa akizungumza nami kwa amri tupu.

Tuliishi katika boma lake, pembeni ya Mamboleo. Nyumba yetu mimi na mume wangu ilikuwa karibu na lango, yake ilikuwa juu kidogo, na kati yetu palikuwa na ua aliokuwa akiufagia mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyeufagia vizuri. Aliniita Nyar Nyalenda, binti wa Nyalenda, mtaa wa mabanda mjini, kwa kuwa ndiko nilikozaliwa. Wake wote wa kwao huitwa hivyo, kwa mahali walikotoka, na si tusi. Ila yeye alikuwa na namna ya kulitamka lile Nyalenda mpaka nikaliona bomba la maji na foleni ya mitungi.

Alikuwa ameuza samaki ufukweni karibu nusu ya maisha yake. Nilipoolewa alinisimamisha jikoni kwake miezi minne. Osha. Kata. Weka chumvi. Usikoroge, utamvunja. Na sheria kubwa kuliko zote: hakuna kiungo. Vitunguu, nyanya, chumvi, basi. "Samaki wa ziwa hahitaji kusaidiwa," alisema. Mtu anayetia viungo, kwa maoni yake, ni mtu anayeficha samaki aliyelala.

Mimi nikatii, isipokuwa kwa kitu kimoja.

Marehemu mama yangu alikuwa mpishi wa familia moja ya Kihindi, Waislamu, mjini. Kwao alijifunza kulowesha ukwaju katika maji ya moto, kuukamua, kuchuja kokwa, na kumimina vijiko viwili kwenye mchuzi wa samaki. Tukiwa Nyalenda, tukipata samaki hata mdogo, ukwaju haukukosa. Mama alifariki mwaka mmoja kabla sijaolewa. Hakuniachia shamba wala vyombo, aliniachia ule mkono wa kupika. Basi nilipopewa jiko langu mwenyewe, nikaanza kulowesha ukwaju katika kikombe cha bati, nikikificha nyuma ya kopo la unga. Mchuzi wa nyanya haumsemi mtu. Rangi ilibaki ileile.

Na mama mkwe alipenda. Hilo ndilo lililonifunga. Alionja mara ya kwanza, akaniuliza nyanya nimenunua wapi. Nikamwambia Kibuye, kwa mama mmoja karibu na wauza mitumba. Tangu siku hiyo aliniamuru nisinunue nyanya kwingine kokote. Wageni wakija, alinituma nipike samaki, kisha akawaambia, "Huyu nilimfundisha mimi." Ilikuwa sifa pekee niliyowahi kuipata kwake, na hata hiyo ilikuwa yake. Kila nilipoisikia nilifurahi na nikaona aibu papo hapo. Kwa miaka kumi na mmoja nilimficha mama yangu ndani ya nyanya za mtu mwingine, ili tu nisifukuzwe kwenye sifa hiyo.

Katika daftari la Kifaransa niliandika ukweli. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu pale nyumbani hakuna aliyejua kusoma lugha hiyo. Juu niliandika Le poisson de ma belle-mère, samaki wa mama mkwe wangu, kwa kuwa mwalimu alitaka kichwa cha habari. Chini yake mistari kumi na miwili. Mwalimu alisahihisha mitatu tu. Aliniwekea duara kwenye kukaanga vitunguu, akaniandikia faites revenir. Nilipotafsiri neno kwa neno nikapata "fanya virudi", nikamwuliza vinarudi kutoka wapi, naye kwa mara ya kwanza akacheka. Alisema maana yake ni kuvikaanga polepole mpaka vilainike na kubadilika rangi. Alhamisi ningesoma mbele ya wenzangu bila kuangalia daftari.

Jumatano jioni nilikuwa barazani nje ya jiko langu, nachambua mboga huku nikisoma kwa sauti. Mama mkwe akaja na kiti chake.

"Unaongea na nani?"

"Nasoma, Mama. Ni kazi ya Kifaransa. Ni mapishi ya samaki wako."

Aliketi. Nilimwonyesha kichwa cha habari, nikamwambia hapa ni jina lako. Alikiangalia kwa muda mrefu kuliko inavyochukua kukisoma, na uso ukalainika.

"Soma."

Nikasoma. Lavez le poisson. Épluchez les oignons. Coupez les tomates. Faites chauffer l'huile. Faites revenir les oignons. Ajoutez les tomates. Ajoutez l'eau de tamarin. Salez. Posez le poisson dans la sauce. Laissez mijoter quinze minutes. Ne remuez pas. Servez. Nilijisikia mtu wa maana. Yeye alikuwa ameweka mikono mapajani, vidole vikikunjwa kimoja kimoja, nami nikadhani ni baridi yabisi.

"Sasa sema na Kiswahili."

Nikatafsiri. Osheni samaki. Menyeni vitunguu. Kateni nyanya. Pasheni mafuta moto. Kaangeni vitunguu vilainike. Ongezeni nyanya. Tieni chumvi. Lazeni samaki kwenye mchuzi. Acheni achemke taratibu dakika kumi na tano. Msikoroge. Pakueni. Niliruka pale pa kuruka bila hata kupumua.

Alitazama mikono yake.

"Ya wazungu ni kumi na mbili," alisema. "Jozi sita. Ya Kiswahili ni kumi na moja. Samaki mmoja amebaki hana mwenzake."

Nilikuwa nimesahau kwamba mwanamke huyu aliuza samaki wawili wawili kwa miaka thelathini, na hakuna mvuvi aliyewahi kumpunja hata mmoja.

"Labda nimeruka chumvi," nikasema.

"Chumvi umesema. Ni ile neno ulirudia, ajute, ajute. Kwa Kiswahili umeongeza mara moja tu. Ya saba. Ya saba ni nini?"

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia pale barazani. Nikamwambia. Nilimwambia yote, ukwaju, kikombe cha bati, kopo la unga, mama yangu. Nilimwambia pia kwamba nyanya za Kibuye ni nyanya kama nyanya zingine. 

Hakufoka. Ningependa angefoka. Aliinuka, akashika kiti chake.

"Basi futa jina langu," alisema. "Usiandike mimi kwa kitu si yangu."

Nilifuta pale pale, mbele yake, kwa kalamu, mistari miwili juu ya belle-mère. Alipovuka ua nililia kidogo, halafu nikamaliza mboga, maana zilikuwa bado kupikwa. Alhamisi nilisoma mbele ya darasa bila kukosea. Mwalimu aliuliza kwa nini kichwa cha habari kimekatwa. Nilimwambia bado natafuta.

Siku tatu hakuja barazani. Salamu aliitika, lakini amri hazikuja, na sikujua kwamba mtu anaweza kuzikosa amri. Mume wangu aliuliza kuna nini kati yenu, nikamwambia ni Kifaransa.

Jumapili baada ya ibada wakaja wanawake watatu wa kikundi chake cha kanisa. Alinitumia ujumbe kupitia binti yangu: samaki. Nilinunua ngege watatu wakubwa, na nyanya nilinunua pale Mamboleo, sikwenda Kibuye. Kikombe cha bati nilikiacha kikavu. Nilitaka angalau mbele ya wageni wake asiaibike, apate samaki wake mwenyewe kama alivyonifundisha, bila wizi wowote ndani yake. Nilipika mistari kumi na mmoja.

Nikawanawisha mikono, nikaweka kuon, ugali wetu, katikati na sufuria ya samaki kando. Wageni wakaanza kula, wakasifu, kama wageni wanavyosifu. Mmoja akamwambia mama mkwe, "Huyu mtoto wako anajua samaki. Ni wewe ulimfundisha, si ndiyo?"

Yeye alikuwa amechovya tonge moja tu. Alilitafuna polepole, akalimeza, akanitazama mimi niliyesimama mlangoni na jagi la maji.

"Nyar Nyalenda," alisema, "ya saba umeweka?"

"Hapana, Mama."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kukupikia wako."

Alisukuma sahani mbele kidogo, si kwa hasira.

"Huyu wangu namjua. Nimemla miaka sitini." Akapangusa vidole. "Rudisha sufuria kwa moto. Weka ya saba."

Nilibeba sufuria. Nyuma yangu nikasikia mgeni akiuliza ya saba ni kitu gani, na mama mkwe akimjibu kwamba hajui, wamwulize mwenye samaki, kwamba hiyo nilitoka nayo kwa mama yangu huko Nyalenda. Alilitamka hilo Nyalenda kama jina la mahali tu.

Jikoni nilichemsha maji, nikalowesha ukwaju, nikaukamua. Nilitoa kikombe nyuma ya kopo la unga nikakiweka mezani. Kisha nikafungua daftari, ambalo lilikuwa juu ya friji tangu Alhamisi, na juu ya maneno niliyoyakata nikaandika kichwa kipya, Le poisson de ma mère, samaki wa mama yangu. Alama moja ya mafuta ilibaki kwenye ukurasa. Halafu nikamimina vijiko viwili kwenye mchuzi, sikukoroga, na nikawapelekea chakula.