Maswali Yaliyoulizwa kwa Jina Langu

Mimi ni mtu wa kisasi. Mke wangu analijua hilo, na amekwisha kuliombea kanisani mara nyingi bila mafanikio ya kuonekana. Kwa hiyo mtandao wangu ulipokufa asubuhi moja, sikuanza kwa kujiuliza kilichoharibika ni nini. Nilianza kwa kujiuliza ni nani.

Nina mnara mmoja mtaa wa Makanyagio, hapa Katavi, nyuma ya nyumba yangu, na laini moja ninayoikodi kutoka kampuni kubwa. Kutoka hapo ninagawa intaneti kwa maduka ya steshenari, zahanati moja na majirani. Ndiyo kazi yangu, sina nyingine. Ulikuwa msimu wa waliomaliza kidato cha sita kuomba vyuo. Steshenari zilijaa vijana, na kila walipofika pa kutuma maombi, ukurasa uliganda. Wenye maduka walinipigia simu asubuhi mpaka mchana, kisha wakaacha. Huko kuacha ndiko kulikonitisha, kwa sababu mtaa wa Ilembo kuna jamaa mwingine mwenye mnara, na siku iliyofuata niliziona antena zake juu ya mabati ya wateja wangu.

Nilipofungua ruta yangu nikakuta laini imejaa pomoni kwa majibu ya DNS. DNS ndiyo inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Unauliza jina, mashine fulani inakutafutia na kukujibu. Haya yalikuwa majibu marefu marefu, kutoka mashine za kila pembe ya dunia, na kwangu hakuna aliyekuwa ameuliza. Niliyazuia kwenye ruta, haikusaidia kitu. Ukifunga mlango wa nyumba wakati njia nzima imejaa ng'ombe, mgeni wako bado hafiki. Niliwapigia kampuni kubwa wayachuje huko juu kabla hayajaingia kwenye laini yangu. Wakasema wamelipokea ombi, nivute subira.

Subira sina. Nilianza kupekua anwani yalikotoka majibu, na katikati ya maelfu ya anwani za ughaibuni nikaiona moja ninayoifahamu vizuri kama ninavyofahamu namba ya simu ya shemeji yangu. Ilikuwa ya jamaa wa Ilembo.

Sitasema uongo: nilifurahi. Hasira isiyo na mtu inachosha, na sasa yangu ilikuwa imepata mtu. Nikamwambia mke wangu kwamba leo huyu bwana namtoa mjini. Nitampeleka kwa wenye mamlaka, nitawaita wenye maduka mmoja mmoja wauone ushahidi, nitahakikisha hata betri ya redio hakuna wa kumuuzia. Mke wangu akaniuliza kama nina hakika. Nikamwonyesha anwani. Kisha nikapanda bodaboda na kompyuta yangu mapajani.

Jamaa ana duka la dawa za mifugo, na mitambo yake iko chumba cha nyuma. Ni Msukuma, wazazi wake waliingia Katavi na ng'ombe wao. Nilitegemea nitamkuta anacheka. Nikamkuta amenuna kuliko mimi, na kabla sijafungua kompyuta yangu aligeuza ya kwake inielekee.

"Nilikuwa nakuja kwako," alisema. "Wewe unanifanyia nini, bwana mkubwa?"

Kwenye kioo chake yalikuwa yanapita maswali ya DNS, yanamiminika bila kupumua, na kila swali limeandikwa kwamba linatoka kwenye anwani yangu. Swali lilelile, fupi, la jina moja lenye jibu refu kupindukia. Ruta yake ilikuwa inajibu yote, na laini yake ya kutuma ilikuwa imekwisha. Wateja alioninyang'anya walikuwa wanamtukana yeye sasa. Kumbe na yeye alikuwa amekwisha kuwatangazia kwamba fundi wa Makanyagio anamshambulia kwa wivu.

Tulirushiana maneno ambayo dukani palikuwa na wafugaji wawili wa kuyasikia, na waliyasikia vizuri. Mwisho nikampigia mke wangu, nikamwambia achomoe waya wa laini kubwa kwenye mnara wetu. Nilitaka kumwumbua jamaa: laini yangu ikikatika na hayo maswali anayodai ni yangu yasikome, yeye ndiye ataonekana mwongo. Mke wangu alisema amechomoa. Makanyagio yote sasa haikuwa na hata tone la intaneti kutoka kwangu.

Maswali hayakukoma. Yaliendelea kumiminika kwenye kioo cha jamaa, yakiwa na anwani yangu, wakati mashine zangu zote zimekatwa.

Nilikuwa nimesoma habari hizi zamani, lakini kusoma si sawa na kuona jina lako likitembea bila wewe. UDP, njia inayobeba maswali hayo, haina hodi wala karibu. Zipo njia nyingine ambazo pande mbili husalimiana kwanza, na mwongo hushikwa hapohapo kwenye salamu. Hii hupokea swali na kujibu kwa anwani iliyoandikwa nyuma ya bahasha, hata kama mwandishi si mwenyewe. Kuna mtu mahali fulani aliyekuwa akituma maswali madogo, kaandika anwani yangu, na mashine za watu wasionijua zikawa zinanifukia kwa majibu yaliyozidi maswali kwa makumi ya mara.

Jamaa ndiye aliyelisema vizuri.

"Kwetu ukipigwa mwano, ule ukelele wa kuibiwa ng'ombe, kila anayesikia anatoka na fimbo," alisema. "Humwulizi mtu kama kweli kaibiwa. Sasa mtu kapiga mwano, kataja boma lako. Nasi wote tumekuja kukukanyagia mahindi."

Nikamwuliza kwa nini basi mashine yake inajibu watu wa dunia nzima, wakati kazi yake ni kujibu wateja wake tu. Akajikuna. Alikuwa na mteja mnunuzi wa pamba aliyekuwa anabeba kompyuta mpaka kijijini Kapalamsenga na kutumia mtandao wa simu huko. Jamaa aliiwekea kompyuta ile anwani ya DNS yake kwa mkono, na kwa kuwa ruta wakati huo ilijibu wa mnarani kwake tu, huko nje ikawa haifungui kitu. Badala ya kurekebisha kompyuta moja, aliifungulia ruta dunia yote.

"Ukarimu wako utatuua," nilimwambia.

Aliifunga mbele yangu: ijibu wateja wake, wengine wote wakae kimya. Laini yake ikapumua palepale. Yangu haikuhisi tofauti yoyote, maana yeye alikuwa mmoja tu kati ya maelfu walioacha mlango wazi. Ilipona kampuni kubwa ilipoanza kuchuja, na kufikia hapo baadhi ya steshenari zilikuwa zimehama moja kwa moja. Niliwauliza mabwana wa kampuni ni nani aliyeanza. Wakasema haijulikani; yuko kwenye mtandao ambao mwenyewe haukagui kama pakiti, yaani vifurushi vya data, zinazotoka zina anwani za kwake kweli.

Sasa jioni ninatafuta mashine kama ile ya jamaa katika anwani za mkoa wetu, na ninawafuata wenyewe mpaka wazifunge. Wengine wananiona mkorofi. Kila ninayemfungisha, ninajisikia nimemvunja kidole yule mpiga mwano nisiyemjua, na ninapenda hivyo.

Jumapili moja tulipotoka kanisani mke wangu aliniuliza kama nimekwisha kusamehe.

"Nitajie jina lake," nilimwambia, "nimsamehe."