Jina la Onema na methali za telefone

Mama Hélène, jirani yangu wa Alunguli, anauza mihogo, mdomo wake mkali kuliko wangu, na shule hakuiona. Mume wake, Onema, alikuwa fundi wa reli. Mwaka wa 2002, mji wetu wa Kindu ulipozingirwa vitani na njaa ikatushika, alivuka mto kutafuta chakula. Hakurudi. Hélène hakungoja mtu. Alifuata ukingo wa mto huo, Lualaba, akigeuza maiti, mpaka akaona suruali yenye kiraka cha kijani. Kiraka hicho alikishona mwenyewe, akikata pazia la nyumba yao.

Mwaka huu chama cha wajane, kule mtaa wa Kasuku, kilitangaza kuandika ukutani majina ya waliouawa. Kila familia ilete ushuhuda kwenye karatasi. Hélène akaenda kwa Joël, kijana anayepiga mashini, kuchapia watu barua, karibu na soko, akamweleza yote huku akilia. Wateja walikuwa wamejipanga. Joël akaipa telefone yake maneno machache tu: mume, vita, mto. Mengine telefone ilijaza yenyewe, naye akachapa.

Nilimsindikiza Hélène kwa chama. Nicole, msomaji wa chama, akasoma kwa sauti. Mwanzoni methali. Kwenye kifo, methali ya subira. Mwishoni mbili pamoja, moja ya umoja, nyingine ya bahari.

“Mama, bahari iko wapi Kindu?” Nicole akauliza.

“Uniulize mimi? Na subira ya nani? Mimi nilikimbia kumtafuta!”

“Karatasi za hivi zinatufikia nyingi,” Nicole alisema. “Utoe jina la bwana yako, utie la mutu yeyote, methali zinamuenea vilevile. Hii haikuandikwa na mutu, ni mashini. Na kuko wanaotuletea marehemu wa uongo.”

Hélène akamweleza kiraka, pazia, hata mahali mkasi ulipoteleza. Nicole alimrudishia karatasi.

“Dada, mimi nakuamini. Lakini toka watu wasikie tunakataa methali, kila mutu anakuja na kiraka chake. Wenzangu hawatakubali. Leta mutu aliyeona.”

“Walioona walikufa na njaa ileile.”

Tulipita kwa Joël. Nilimtukana vizuri. Aliinamisha kichwa: “Mama, nilitaka ipendeze.” Joël alirudi na Hélène kwa chama kueleza. Wakamwambia kwamba yeye ndiye aliyewaandikia hata wale waongo. Neno lake likazidi kuharibu.

Siku ya ukuta, Hélène alisimama chini ya ngazi ya Louis, mchora mabango. Majina yalishuka kwa alfabeti. Louis alipomaliza ya N, akamtazama.

“Mama, uko na wako hapa?”

“Niko naye.”

“Anaitwa nani?”

“Onema.”

Louis akamgeukia Nicole. Nicole alikuwa anatazama viatu vyake. Burashi ilibaki hewani, rangi ikidondoka, halafu Louis akaichovya tena kwenye kopo na kuanza jina la P.