Neno Moja kwa Kila Pengo

Karatasi ya matokeo ya Spana niliikunja nikataka kuitupa, kisha nikaikunjua na kuinyoosha juu ya meza, maana ilikuwa mali ya kiwanda. Saba kati ya arobaini. Nilihisi kama nimezabwa kofi mbele za watu.

Spana ni fundi wa mashine za kufumia katika kiwanda cha vitambaa ninakofundisha Kituruki. Umri wake ni miaka hamsini na mmoja, mfupi wa kimo, mabega mapana, na mfuko wake wa nyuma haukosi spana hata akialikwa harusini. Jina lake halisi linajulikana na mkewe na watu wa mishahara. Miaka kumi na mmoja iliyopita, mashine zilipoletwa, walikuja nazo Waturuki watatu wa kuzifunga, wakakaa miaka miwili. Wenzake walielewana nao kwa ishara. Spana alilala chini ya mashine pamoja nao, akatukanwa nao, akacheka nao, na walipoondoka alikuwa anazungumza lugha yao vizuri kuliko ninavyoizungumza mimi niliyeisomea miaka minne. Hilo nalisema waziwazi, ingawa linaniuma.

Basi mwaka huu tukaambiwa mashine mpya zinakuja. Mfanyakazi mmoja, awe fundi au karani, angepelekwa kwa watengenezaji huko Uturuki miezi mitatu, na akirudi ndiye mkuu wa karakana. Mafundi wa zamani wasiochaguliwa wangehamishiwa upande wa kufunga mizigo. Spana ana mgongo mbovu. Kubeba marobota kutwa nzima kungemmaliza, naye alilijua hilo, mkewe alilijua, hata mlinzi wa getini alilijua. Sharti lilikuwa moja tu: cheti cha Kituruki. Mapengo arobaini kwenye kompyuta, neno moja kwa kila pengo, na anayepata kuanzia ishirini na manne amefaulu. Mwenye alama za juu ndiye anayekwenda.

"Mwalimu," aliniambia siku ya kwanza, "kusema nasema. Kuandika sijawahi kuandika hata neno."

"Usijali, kaka," nikamjibu. "Kuandika nitakufundisha mimi." Laiti ningefunga mdomo wangu.

Kituruki hujenga neno kwa kupachika vipande nyuma yake. Fabrika ni kiwanda. Ongeza lar, vinakuwa viwanda. Ongeza ımız, ni viwanda vyetu. Ongeza dan, ni kutoka viwanda vyetu. Yote ni neno moja: fabrikalarımızdan. Sisi wenyewe tunafanya mambo hayohayo, ila mizigo mingi tunaipakia mbele. Mtu anasema hatutawaandikia na hakuna anayeshangaa. Kinachowatoa watu jasho ni irabu. Kila kipande hubadili sauti kufuata irabu iliyotangulia, kwa hiyo ukianza na makine, yaani mashine, si lar tena bali ler, si ımız yenye i isiyo na nukta bali imiz, si dan bali den: makinelerimizden. Hapo darasa zima hunung'unika. Mimi huwauliza, mbona tunasema pikia lakini somea, imbia lakini chekea? Nani aliwafundisha? Spana peke yake alicheka, akasema, "Mdomo ndio unajua, Mwalimu. Ukikosea, ulimi unajikwaa."

Na kweli mdomo wake ulijua. Nilikuwa nimekata vipande vya boksi, kila kimoja nimekiandika kiambishi chake, tunavipanga mezani. Wengine walivichanganya kama karata. Spana alivipanga kimoja baada ya kingine, anaviacha vimeachana kidogo, kama anavyopanga vyuma vya mashine juu ya gazeti ili aone kama kuna kilichopungua. Katika daftari aliandika hivyohivyo: fabrika, nafasi, lar, nafasi, ımız, nafasi, dan. Hakukosea mpangilio, hakukosea irabu. Nami kwa furaha yangu ya kijinga nikawa nampa vema, ukurasa baada ya ukurasa, miezi minane. Niliona kichwa kinachofanya kazi, nikasahau kutazama mkono. Kwenye karatasi zangu za mazoezi nami nilitenganisha vipande kwa vistari, ili waelewe. Hakuna siku hata moja niliyomwambia, kaka, sasa bana nafasi hizo.

Siku ya mtihani niliwekwa nje, kwa kuwa mimi ndiye niliyewafundisha. Msimamizi alitoka ofisi ya mitihani, akakaa mlangoni na simu yake. Watahiniwa walikuwa sita, kompyuta sita, Spana mstari wa mbele na karani wa stoo nyuma yake. Kupitia kioo niliona midomo ya Spana ikichezacheza. Nikajua anajisemea, kwa sababu bila kusema hawezi kuijua irabu. Nikamwombea moyoni.

Matokeo yalikuja baada ya wiki. Spana saba. Karani thelathini na moja.

Sasa huyu karani wa stoo, simchukii, ni mtu mcheshi, amevuka thelathini na ana maneno mengi. Lakini miezi minane darasani hakuwahi kuagiza chai kwa Kituruki ikaeleweka. Nikaomba ofisi ya mitihani majibu ya wote, yaliyochapwa. Nilikaa nayo katika chumba cha darasa, ambacho zamani kilikuwa cha kubadilishia nguo na bado kinanuka soksi, nikaanza na ya Spana.

Pengo la tatu: "Bu iplik ______ geliyor", uzi huu unatoka viwanda vyetu. Spana alikuwa ameandika fabrika lar ımız dan. Pengo la nne, vilevile. La tano, vilevile. Kila kipande sahihi, kila irabu mahali pake, na kila pengo kosa, kwa sababu kompyuta ilitaka neno moja nayo iliona manne. Aliyapata saba yaliyokuwa mafupi, yale yasiyokuwa na cha kutenganisha. Nilihesabu mara tatu. Kama si zile nafasi, angepata thelathini na tisa.

Kisha nikachukua majibu ya karani. Katika pengo la kumi na tisa alikuwa ameandika jibu la pengo la ishirini. Nikatazama ya mtu wa pembeni yake. Naye vilevile. Na wa nyuma yao. Watu watatu, kosa moja, mahali pamoja. Nikamwita karani.

"Eti la kumi na tisa ulilifanyaje?"

Hakuona haya hata kidogo. "Mwalimu, nisikudanganye. Tulikuwa na redio mbele yetu. Kaka Spana anasema kila jibu kabla ya kuliandika, tena polepole. Hilo la kumi na tisa alilipita, akasema la ishirini, sisi tukadhani ndilo. Alipolirudia mwishoni tulikuwa tumeshafunga."

"Na yeye anajua?"

"Atajuaje? Akiwa kazini hasikii hata kengele." Akatabasamu, kisha akaona uso wangu, akaacha.

Kwa hiyo mdomo wa Spana ulifaulisha watu watatu, na kidole chake, kilichofundishwa na mimi, kikamwangusha yeye. Nilikaa pale nikitamani kugonga kichwa ukutani. Nilimwaza mkewe, jinsi alivyokuwa akimkagulia daftari kila jioni, akihesabu vema zangu.

Nikaandika barua ofisi ya mitihani. Nikakiri kosa langu lote, nikaeleza nafasi, nikaeleza na habari ya redio. Jibu lilikuwa la mistari miwili: maagizo yalisema neno moja kwa kila pengo, mtahiniwa anaruhusiwa kurudia baada ya miezi sita. Kuhusu redio hawakusema chochote. Safari ilikuwa baada ya wiki tatu.

Nikaenda kwa meneja. Nikamwekea karatasi mezani, nikamwonyesha kwa kidole pengo moja baada ya jingine.

"Kwa hiyo majibu ni sahihi au si sahihi?" akauliza.

"Ni sahihi ila yameandikwa vibaya."

"Basi si sahihi."

"Bwana meneja, mtu huyu anazungumza Kituruki. Mpigie simu Mturuki yeyote azungumze naye."

"Mwalimu, wewe mwenyewe ndiye uliyetuambia tusiende kwa kujuana, twende kwa mtihani. Kompyuta haina mjomba." Akanirudishia karatasi. Ni kweli nilisema hivyo. Nilisema kwenye kikao, tena kwa kujigamba.

Kumwambia Spana ndiko kulikokuwa kugumu. Nilimkuta ameinama ndani ya mashine, nikamweleza yote, kosa langu kwanza. Alifuta mikono kwa tambara, muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji.

"Yaani hizo nafasi tu?"

"Hizo nafasi tu."

"Ungeniambia, Mwalimu. Ni kitu cha siku moja." Hakupandisha sauti. Ningependa angenifokea, ningejua pa kujibia. Habari ya karani nayo nilimwambia. Akasema, "Nilidhani nanong'ona," akarudi kwenye mashine.

Karani akaondoka. Spana akapewa mwezi mmoja wa kumalizia kazi za karakana, kisha mizigo. Mimi nikachana vile vipande vya boksi vyote, na darasa jipya naliandikisha maneno mazima kuanzia siku ya kwanza, nikikuta nafasi nakata alama bila huruma. Wanasema nimekuwa mkali. Na wawe wanasema.

Wiki ya mwisho ya Spana karakana nilipita kumwona, nimemletea fomu ya kurudia mtihani. Simu yake ikalia juu ya benchi. Akaweka spika kwa sababu mikono ilikuwa na grisi. Alikuwa karani, kutoka huko kwa watengenezaji.

"Kaka, samahani, huyu mkufunzi anaongea nami simwelewi. Hebu msikilize."

Nilikodoa macho. "Kumbe anakupigia?"

"Kila siku," Spana akanijibu, kama ni jambo la kawaida. "Nikimwacha, mashine zitakuja na hakuna atakayejua kuzifungua. Zitaua mtu."

Mkufunzi akaanza, haraka, kwa sauti ya mtu aliyechoka kurudia. Spana akasikiliza, akauliza swali, akajibiwa, akamgeuzia karani kwa Kiswahili, akarudi tena kwa Mturuki. Yalihusu jinsi ya kulegeza kamba za nyuzi kabla ya kufungua roli. Walielewana kama watu waliolala nyumba moja. Mwishowe yule mkufunzi akamuuliza yeye ni nani, na kama anajua yote haya, mbona hayuko huko darasani?

Spana akanitazama. Nikatazama fomu yangu.

"Gönderilmedim," akasema.

Gönder, tuma. Il, ya kutendwa. Me, ya kukanusha. Di, ya wakati uliopita. M, mimi. Alilitamka lote kwa pumzi moja, bila nafasi popote, irabu zikifuatana sawasawa. Kwa Kiswahili nalo ni neno moja: sikutumwa.

Kisha Spana akamwambia karani ashike kalamu, aandike ni boliti ipi inayoanza kufunguliwa.