Mguu wa Shangazi Wadha

Shangazi yangu Wadha alikuwa hafungi mdomo. Kwa miaka mingi aliwafundisha wanawake wa Maskati kuendesha gari, na gari lake lilijaa soga kuliko petroli. Alikaa kiti cha kulia, maana usukani wa kule uko kushoto, mguu karibu na breki yake ya pili, akikuuliza habari za wakwe zako huku wewe jasho linakutiririka.

Soga zenyewe ndizo zilizokuwa mtihani wake. Mwanafunzi mpya hakumdai majibu marefu. Lakini siku alipokwambia, "Haya, nieleze boko boko hupikwaje," ukamweleza huku unarudi nyuma baina ya madrumu ya mazoezi bila kuyagusa, hapo alijua uko tayari kwenda kwa polisi kufanya mtihani wa leseni. Mimi niliyaangusha madrumu, na boko boko langu likakosa nyama. Alinicheka mwaka mzima.

Mwanafunzi wake wa mwisho alikuwa Bupe, dada wa Mbeya anayefanya kazi hospitali, akiwafundisha waliopooza kutembea upya. Na elimu yake yote, mwanzoni aliuminya usukani kama anakamua tui, macho miguuni, akiachia klachi gari linaruka na kuzima.

"Wewe si ndo unafundisha watu miguu?" shangazi alimtania.

Bupe akacheka, akagonga paji la uso wake. "Mwalimu, sasa hivi naendesha kwa hapa. Ubongo wa mbele unapanga kila kitu kimoja kimoja, ndiyo maana nachoka hivi. Huku kisogoni ubongo mdogo unalinganisha nilichotaka na kilichotokea, unanirekebisha. Nikirudia rudia na kulala vizuri, mawasiliano ya neva yanaimarika. Mwishowe kazi kubwa inabebwa na viini vilivyo ndani kabisa ya ubongo, na hapa mbele panapumzika."

"Ndo mtu anapoweza kupika boko boko."

"Hapo hapo, mwalimu."

Ikawa hivyo. Gari likaacha kuruka. Bado alikosea, akipinda mapema au akichelewa, lakini makosa yakapungua, na mwisho gia akawa anaibadilisha bila kuitazama.

Siku moja nilikuwa nimeacha gari langu gereji Wadi Kabir, wakapita kunichukua. Shangazi alikuwa anasimulia harusi ya binti wa jirani, na Bupe anamjibu, mara pikapu ikatoka gereji kinyumenyume mbele yetu. Gari letu likasimama papo hapo. Mimi nikasema alhamdulillahi, shangazi hakosei.

Kumbe aliyekanyaga ni Bupe, na hata sentensi yake hakuikata. Mguu wa shangazi ulikuwa bado juu ya zulia. Ukainuka baadaye, wakati hakuna tena cha kusimamisha.

Bupe akaegesha pembeni. "Mwalimu, hebu kanyaga breki yako." Shangazi akakanyaga, vizuri kabisa. "Sasa kanyaga nikisema, huku unanieleza boko boko."

"Unatia ngano, na nyama..."

"Sasa!"

Mguu haukwenda. Shangazi akanyamaza, akautazama, ndipo ukaenda.

Nilitamani kumzaba kofi yule dada. Lakini alikuwa analia. "Ukitembea, mkono wako wa kulia hauyumbi. Nimeuona muda, nikaogopa kusema."

Daktari akathibitisha: ugonjwa wa Parkinson. Viini vile vya ndani vinakosa kemikali ya dopamini, na vitendo vinavyojiendesha vyenyewe ndivyo vya mwanzo kuharibika. Shangazi bado angeweza kukanyaga breki kwa kukusudia, ila akili yake yote iwe hapo hapo, kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Na mwalimu wa udereva hapewi muda wa kukusudia.

Hakubishana na mtu. "Breki inayosubiri nifikiri itaua mtoto wa watu," alisema, na wiki ile ile akaliuza gari. Nililia mimi, yeye hakulia. Bupe alipopata leseni, shangazi alipiga kigelegele kwenye simu, kisha akaenda kulala mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake.

Sasa Bupe ndiye mwalimu, na somo ni kutembea. Dawa zinasaidia, lakini kila hatua shangazi lazima aifikirie: inua mguu, hatua ndefu, kisigino kwanza. Akili ikienda kwingine, hatua zinafupika, miguu inaganda.

Juzi nilimshika mkono tukatembea Hail, kando ya bahari. Nilikuwa na habari niliyoiweka kwa ajili yake peke yake, hata mume wangu sijamwambia: nna mimba, baada ya miaka ya kungoja. Nikaanza, "Shangazi, unajua..."

Miguu yake ikaganda. Akanishika kwa nguvu asianguke, macho hayabanduki viatuni.

"Nyamaza, mwanangu," alisema. "Nnatembea."