Herufi Ndogo Kando ya Raheli

Fundi wa magauni ya harusi alikuwa na mtoto wa kiume, mzima wa afya, lakini ukimuuliza habari zake angekujibu hayupo. Si kwamba amesafiri wala kuhama. Hayupo, basi. Kijana hakuja kumzika baba yake, na tangu siku ile mama alimhesabu amekufa. Ukaidi wa mwanamke yule, jamani, we acha tu!

Siku hiyo mvua ilinyesha tangu asubuhi, mvua ya pole ya kusinzisha watu. Vitambaa vyeupe vilining'inia kutoka darini, na kila upepo ulipopita vilijaa na kushuka taratibu, chumba kizima kikawa kama kinapumua. Wifi yake, mwalimu wa kina mama kanisani, alikuja kupima gauni, mvua ikamkwamisha. Zamu ya kufundisha Jumapili ilikuwa ya fundi, na mstari alishauchagua: Mathayo 2:18, pale Raheli anapowalilia wanawe na kukataa kufarijiwa kwa sababu hawako tena.

"Huo ndio wangu," alisema. "Nikifika hapo natua. Sina la kuongeza."

"Mstari mmoja kwa saa nzima? Utatulaza, wifi. Biblia yako ina marejeo pambizoni, yanayokuelekeza kwenye mistari mingine, yafuate."

Fundi alivaa miwani. Kweli, katika mstari ule kulikuwa na herufi *a*, ndogo kama chawa, imepanda juu ya neno. Akaitafuta pambizoni, akaiona, akafunua kwenye Hosea 11:1.

"Mbona hapa pana mwana anayeitwa atoke Misri? Raheli wangu kaenda wapi?"

Wifi alicheka mpaka akashika mbavu. "Umeshika *a* ya mstari wa kumi na tano! Herufi zinaanza upya kila mstari. Pambizoni anza na namba ya mstari, ndipo utafute herufi. Na ukikuta namba badala ya herufi juu ya neno, hiyo ni ya maelezo ya chini ya ukurasa, usiichanganye."

Kumi na nane, *a*: Yer 31:15. Fundi alichomeka kipande cha kitambaa kwenye Mathayo, asije akapotea njia ya kurudi, akafunua Yeremia. Raheli alikuwa pale, analia vilevile. Alitaka kufunga kitabu.

"Soma na inayofuata," wifi alimwambia. "Rejeo linakuonyesha mlango tu. Nyumba uiingie mwenyewe."

Mstari wa kumi na sita ulimwambia Raheli aache kulia, kwamba wanawe watarudi. Fundi aliusoma mara mbili. Mvua ilizidi kidogo. Kando ya Yeremia palikuwa na marejeo kadhaa, akauliza aanze na lipi.

"Shika uzi mmoja. Wewe unafuata nini?"

"Kukataa kufarijiwa."

"Basi jaribu moja moja, uone lipi limebeba maneno hayo."

Lilikuwa Mwanzo 37:35. Kipande cha pili cha kitambaa. Yakobo, watoto wake wamemzunguka wanambembeleza, naye hataki; atashuka kaburini akimlilia Yusufu. Fundi alimwona mzee yule katikati ya vitambaa vyeupe, ameketi, kagoma, na alimpenda sana. Kando yake: 42:36, mzee bado analalamika kwamba Yusufu hayuko. Na chini ya hapo, neno *linganisha*, kisha 45:28.

"Linganisha maana yake nini?"

"Weka hili na lile pamoja uone tofauti."

Akafunua. Mzee anasema yatosha, mwanawe yu hai bado. Atakwenda amwone kabla hajafa.

Fundi alivua miwani. Vitambaa vilimgusa mabega.

"Wifi," alisema, "huyu mzee alimlilia mtu aliye hai miaka yote hiyo."

"Yeye alidanganywa na wanawe, maskini."

"Mimi nani kanidanganya?"

Machozi yalikuwa yanamtoka fundi bila sauti.

"Mwanangu anakaa wapi siku hizi?"

"Ng'ambo ya mto, nyuma ya kiwanda cha mbao. Ananiulizia habari zako kila nikimwona."

"Nipeleke."

"Leo? Na mvua hii?"

"Akinifungia mlango je?"

"Sijui, wifi. Sitakudanganya."

Fundi alikuwa ameshapiga magoti, anapapasa chini ya vitambaa vyeupe akitafuta kiatu cha pili. "Yakobo alikuwa mzee kunishinda," alisema, "na alikwenda."