Viatu Nilivyomficha Deo

Jumapili ile kwangu mtaa wa Tensta, huku Uswidi, tulikuwa wanne: mimi, mwanangu Deo, mkewe Klarisa, na Evarista, mama yake Klarisa, anayeishi nao mtaa wa Husby. Kila mara Deo huondoka saa tisa kamili, hata sahani haijaisha. Wivu ukanila: kwenye nyumba anayoishi na mama mkwe wake ndiko anakokimbilia! Nikavificha viatu vyake ndani ya oveni.

Wakatafuta hadi saa kumi ikapita. Simu ya Deo ikalia, akajibu kwa Kiswidi. Kisha akapandisha mguu mmoja wa suruali. Kifundoni alikuwa na kifaa cheusi.

“Mama, niliendesha gari nimelewa. Badala ya gereza nafungwa nyumbani. Nina ratiba: kazi, duka, saa chache za Jumapili. Nikichelewa kurudi, msimamizi anaona. Nikiharibu, namalizia gerezani.”

“Na Evarista alijua?”

“Mama Deo, wanaoishi naye lazima wakubali kwanza,” akasema Evarista. “Nilitia sahihi.”

Mbele yao wote nikafungua oveni. Deo akampigia msimamizi, akamweleza viatu vilikokuwa, nikasikia kicheko simuni. Alipewa onyo tu. Nikikosea neno hapa, nisahihisheni, ila msimuulize Evarista; yeye ameshajua vya kutosha kabla yangu.